Doa la urojo kwenye kiti cha gari: sugua kwa povu, sponji isilowe

Asalam aleykum, karibuni. Hiki ni kiti cha nyuma cha Noah, kitambaa rangi ya maziwa, na urojo umemwagika jana usiku watu wakitoka Forodhani. Doa ni kubwa kama kiganja. Mdogo wangu, sogeza simu karibu. Kati pamekauka unga, pembeni pana umanjano. Huo umanjano ndio kazi yenyewe.

Unga ukwangue kwa ukingo wa kijiko, kutoka nje kuja kati, kisha fyonza vumbi. Hapo hapana maneno.

Sasa tazameni hapa kwanza. Hiki ni kitambaa kikuukuu, nimekipaka urojo makusudi. Natia maji ya sabuni ya unga. Mmeona? Pamegeuka pekundu! Wengi hufika hapa wakadhani wameharibu kiti, wakakimbilia jiki. Hakuna kilichoharibika. Manjano iliyomo kwenye urojo hubadilika rangi ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni ya unga ni hivyo. Nadondosha siki nyeupe... inarudi njano. Kwa hiyo kwenye kiti tunatumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo ni pole zaidi na inakata mafuta. Rangi ya manjano imejificha ndani ya mafuta; mafuta yasipotoka, nayo haitoki. Jiki iacheni kabisa: inapausha kitambaa, na ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu. Ndani ya gari iliyofungwa, hilo si jambo la kujaribu.

Chukua nusu lita ya maji vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni, piga kwa mkono mpaka povu lijae juu ya beseni. Jaribu kwanza chini ya kiti pasipoonekana, kitambaa kisije kikachuja.

Hapa nisikilizeni vizuri. Tunatumia POVU, si maji. Chota povu la juu kwa mswaki laini, kung'uta, ndipo uguse kiti. Chini ya kitambaa hiki kuna sponji nene, na sponji hunywa. Ukimimina maji, doa linashuka ndani nalo, juu unaona pasafi, unafurahi. Kesho maji yakipanda kukauka yanalipandisha doa tena, na pembeni linabaki duara la kahawia. Kwa unyevu wetu huu, hasa masika, siku ya pili gari linanuka uvundo. Povu, si maji.

Sugua kwa duara ndogo ndogo, kutoka ukingoni kuja kati, bila kukandamiza. Nyuzi zikichakaa zinatoka manyoya na hazirudi. Sugua kama nusu dakika, kisha bonyeza kitambaa cheupe kikavu. Usifute, bonyeza. Angalia kitambaa: njano imehamia huku. Geuza upande safi, rudia. Kwa doa kama hili hesabu raundi nne au tano.

Ngoja, ngoja. Sogeza simu hapa kwenye mshono. Mnaona panang'aa? Maji yameanza kukusanyika. Hapa tunasimama, hata kama doa bado. Kunja taula kavu mara nne, liweke juu, kandamiza kwa goti, hesabu mpaka ishirini. Taula likitoka na majimaji, badilisha upande na urudie mpaka litoke na unyevu tu. Ndipo uendelee.

Njano hafifu inayobaki ipigie siki: sehemu moja ya siki, mbili za maji, kwenye kitambaa kilichokamuliwa. Mimi napenda siki kuliko ndimu, kwani ndimu ina sukari na kiti kinabaki kunata, vumbi linaganda. Mkono wa mwisho ni kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi yakikauka yanaacha weupe. Kinga maji ya mvua ukiweza.

Sasa fungua milango yote, uelekeze kiti kwenye jua, na feni ukiwa nayo. Jua hapa halikaushi tu, linaipausha manjano yenyewe. Kivuli cha njano ambacho mswaki umeshindwa, siku mbili tatu za jua hukimaliza. Kiti cha rangi iliyokoza usikiache muda huo, nacho kitapauka.

Usiku weka taula jeupe kavu juu ya doa, na juu yake dumu la maji la lita tano. Unyevu uliobaki chini utapanda kwenye taula badala ya kitambaa. Asubuhi likiwa na alama ya njano, sponji bado ina urojo: rudi kwenye povu, raundi mbili, na taula lako mkononi.