Herufi moja tu, majaribio manne: kuchuja ukoo wa BANDA, KANDA na PANDA

Ndugu wasikilizaji, leo nitakaa kwenye tatizo moja tu la mchezo wa kubahatisha maneno. Wengi wenu mnaujua kwa jina la Wordle, ule alioufungua Josh Wardle kwa umma mwaka 2021 na gazeti la New York Times likaununua mwanzoni mwa 2022. Neno la siri lina herufi 5, nawe una majaribio 6. Kila unapoandika neno, mraba wa kijani unasema herufi ipo na imekaa mahali pake, wa njano unasema ipo lakini mahali pengine, wa kijivu unasema haipo. Hapa tunacheza kwa Kiswahili, na mtaona kwamba lugha yenyewe inabadilisha hesabu.

Tuseme umeanza na DUNIA. Herufi D imekuwa njano, N na A ya mwisho ni kijani, U na I ni kijivu. Jaribio la pili ukaandika MAONI: A ya pili ikawa kijani, N njano, nyingine zote kijivu. Sasa D haiwezi kukaa popote isipokuwa nafasi ya nne, kwa hiyo unajua kila kitu ila herufi ya kwanza: _ANDA. Hapo ndipo watu hufurahi mapema. Herufi nne kati ya tano zimeshajulikana, nao wanadhani wamefika.

Hebu tuuhesabu ukoo wenyewe. Kuna BANDA, GANDA, KANDA na PANDA. Kuna RANDA ya seremala, SANDA ya maiti, TANDA kama kutanda kwa wingu, WANDA kwa maana ya kunenepa, na LANDA, yaani kufanana. Ni maneno 9, na umebakiwa na majaribio 4.

Ukiandika BANDA, kisha KANDA, kisha PANDA, kila jaribio linauliza swali moja: ni wewe au si wewe? Likikosea, umeondoa neno moja tu. Majaribio manne yanafunika maneno manne, na matano yaliyobaki yanakuangusha. Uwezekano wako ni 4 kwa 9, hata nusu haufiki.

Njia ya kutoka ni kuandika neno ambalo unajua kabisa kwamba silo jibu. Mimi naliita neno la chujio. Kazi yake ni kubeba herufi nyingi kadiri iwezekanavyo kati ya zile zinazogombania nafasi ya kwanza: B, G, K, L, P, R, S, T, W. Haijalishi zimekaa nafasi gani ndani ya chujio. Herufi ikikaa mwanzoni itawaka kijani, ikikaa kwingine itawaka njano, na kwetu hizo mbili zina maana moja: hiyo ndiyo herufi tunayoitafuta.

Sasa Kiswahili kinaleta ugumu wake. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo neno la herufi 5 kwa kawaida lina konsonanti mbili au tatu. Usitegemee kupata chujio lenye konsonanti nne. Hata zile tatu si rahisi, maana maneno mengi hupata konsonanti ya ziada kwa N au M ya mwambatano, kama TUNDA au JAMBO, na N tayari tunayo. Hazina iko sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno yenye W baada ya konsonanti: TWIGA, KWEPA, BWEKA, BWAGA. Ya pili ni maneno ya kukopa yaliyokuja na konsonanti zilizogandana: SPIKA, BREKI, SKETI, KASRI, LABDA. Mchezaji mzuri wa Kiswahili anakuwa na kama kumi hivi kichwani kabla hajaanza.

Turudi kwenye ubao. Jaribio la 3, andika TWIGA. Linapima T, W na G kwa pamoja. A ya mwisho itawaka kijani kama kawaida, haikuambii jipya. T ikiwaka, jibu ni TANDA. W ikiwaka, WANDA. G ikiwaka, GANDA. Isipowaka hata moja, umeondoa maneno matatu kwa pigo moja na yamebaki sita: B, K, L, P, R, S.

Jaribio la 4, SPIKA. Hapa S, P na K zinapimwa, na hakuna herufi iliyorudiwa kutoka TWIGA isipokuwa I na A ambazo hazina kazi tena. Zote tatu zikiwa kijivu, yamebaki BANDA, LANDA na RANDA, na una majaribio mawili.

Wengi huharibu hapa. Wanaona maneno ni matatu tu, wanaona wamekaribia, wanaandika BANDA. Ikikataa, LANDA na RANDA zinabaki kwa jaribio moja, na hapo ni kutupa sarafu. Kumbe chujio la tatu lipo, tena lina jina la kuchekesha kwa hali hiyo: LABDA. L ikiwaka kijani, jibu ni LANDA. B ikiwaka njano, ni BANDA. Zote mbili zikizima, RANDA, ingawa R hukuigusa kabisa. Jaribio la 6 ni kuandika jibu. Maneno 9, majaribio 4, na hakuna hata moja linalokuponyoka.

Kanuni ya kuamua ni fupi. Yaliyobaki yakiwa sawa na majaribio au pungufu, andika majibu yenyewe. Yakizidi hata kwa moja, chuja kwanza. Hata ukiwa na majaribio mawili tu kwa maneno yote 9, chujio linakupa nafasi 4: tatu za herufi zilizopimwa, na moja ya kubahatisha kama zote zimezima. Kubahatisha moja kwa moja kungekupa 2. Katika hali hiyo ningetanguliza SPIKA, si TWIGA, kwa sababu PANDA, KANDA na SANDA ni maneno ya kila siku, na watunzi wa orodha za majibu mara chache huchagua neno kama WANDA.

Angalieni pia chujio lisilochuja. KAKAO lina K mbili lakini swali ni moja. BWEKA ni zuri peke yake, ila baada ya TWIGA W yake ni mzigo.

Wapo wanaocheza hali ngumu, ambapo kila dokezo lililopatikana lazima litumike katika neno linalofuata. Kwao, ukishaiona _ANDA, TWIGA imekataliwa. Umefungiwa ndani ya ukoo. Dawa ni kugeuza mpangilio: machujio yatangulie. TWIGA iwe ya kwanza. Ikiwa A ya mwisho tu ndiyo imewaka, SPIKA inaruhusiwa kwa sababu nayo inaishia na A. Ikizima vilevile, DUNIA ya tatu inaleta N na D. Ya nne andika BANDA, na A ya pili ikiwaka kijani, LANDA na RANDA zinakusubiri kwa majaribio mawili.