Kujaza karatasi ya mazoezi ya kauli ya kutendwa: «must be done» na «is being repaired»

Hamjambo watazamaji. Karibuni tena mezani pangu hapa Kisumu. Leo tunajaza pamoja karatasi moja ya mazoezi ya Kiingereza, ile ya kugeuza sentensi ziingie katika kauli ya kutendwa. Sitashughulika na sentensi nyepesi za mtindo wa «The cow is milked every morning», kwa sababu hizo wengi wenu mnaziweza. Ninazitaka zile zenye vitenzi visaidizi kama «must» na «can», pamoja na zile za hali ya kuendelea, ambazo ndizo zinazowaponza hata wanafunzi hodari. Karatasi hii nimeitunga mwenyewe na ninaiuza shilingi 10, lakini mwenye daftari hana haja ya kununua. Asimamishe video hapa, anakili maswali haya sita.

```
1. The carpenters are repairing the boat. Begin: The boat ...
2. You must boil the water. Begin: The water ...
3. Someone was painting the classrooms when the rain started. Begin: The classrooms ...
4. We cannot open the gate at night. Begin: The gate ...
5. Every parent has to sign the forms. Begin: The forms ...
6. The baby is sleeping in the kitchen. Begin: The kitchen ...
```

Swali moja kati ya haya halina jibu, na atakayelitambua ataweka alama ya X. Sisemi ni lipi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta yambwa, yaani kile kinachotendwa, na kukileta mbele. Maagizo ya «Begin» yamekwisha kukufanyia kazi hiyo, kwa hiyo tusipoteze muda. Pigia mstari kitenzi pamoja na visaidizi vyake vyote, tuendelee.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Tazameni swali la kwanza, «are repairing». Kitenzi kikuu kimevaa vazi la «-ing» kwa sababu kimesimama baada ya «are». Tunapogeuza sentensi, tunaingiza neno «be» pale pale kiliposimama kitenzi kikuu, na neno hilo linarithi vazi la mwenye nafasi. Kwa hiyo tunakivua «repairing» vazi lake, tunamvika «be», naye anakuwa «being». Kitenzi kikuu hatukiachi uchi. Tunakipa umbo lake la tatu, yaani «repaired», na umbo hilo halibadiliki tena hata wakati ubadilike vipi. Tunapata «being repaired». Sasa turudi kushoto: «are» ilikuwa ya maseremala wengi, lakini mashua ni moja, hivyo tunaandika «is». Jibu ni «The boat is being repaired».

Samahani, kamera imeshuka kidogo. Nimeegemeza simu kwenye mkebe wa unga, na kila nikiigusa meza inainama. Haya, mnaiona karatasi sasa.

Swali la pili linafuata njia hiyo hiyo, ila ni jepesi zaidi. Katika «must boil», kitenzi kikuu hakikuvaa chochote, kwa kuwa baada ya «must» kitenzi husimama kikavu. Kwa hiyo «be» naye anarithi ukavu huo, anabaki «be», na «boil» inakuwa «boiled». Jibu ni «The water must be boiled». Angalieni kwamba «must» haikuguswa kabisa. Vitenzi visaidizi vya aina hii havijali kiima ni kimoja au ni vingi, wala havikubali «-s». Anayeandika «musts» amejitungia lugha yake.

Baada ya kuandika jibu, fanyeni ukaguzi ninaoupenda kuliko sheria zote za vitabuni: hesabuni maneno ya kikundi cha kitenzi. «Are repairing» ni maneno 2, «is being repaired» ni maneno 3. «Must boil» ni maneno 2, «must be boiled» ni maneno 3. Katika sentensi za aina hizi mbili, kauli ya kutendwa huzidi ile ya kutenda kwa neno moja tu, wala halipungui. Mwanafunzi akiandika «is repairing» au «is repaired», hesabu yake itabaki 2, na hapo atajua kuna neno lililodondoka njiani.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haikamati kosa moja, nalo ndilo lililoniaibisha. Mwaka wa kwanza wa kutunga karatasi hizi niliandika katika ukurasa wa majibu «The boat is been repaired». Hesabuni: maneno 3. Kompyuta haikupiga mstari mwekundu, kwa sababu «been» ni neno halali la Kiingereza. Nikatoa nakala 40 na kuzigawa. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika «being», nikamtia mkasi kwa kalamu nyekundu, na baada ya kipindi akaniletea daftari kwa upole mno akauliza kama kosa ni la mwandiko. Sikuwa na pa kujificha.

Chanzo chake ni masikio. Kwa matamshi yetu ya huku, «been» na «being» tunayasema karibu sawa, hasa tukienda mbio, na mkono unaandika kile ambacho sikio limesikia. Kwa hiyo msiyasikilize maneno haya; mtazame jirani yake wa kushoto. Kushoto kwa «been» lazima pawe na «have», «has» au «had». Kushoto kwa «being», katika karatasi hii, lazima pawe na «am», «is», «are», «was» au «were». Narudia kwa sababu nakala 40 si mchezo: ukikuta «is been», kata. Ukikuta «has being», kata. Ukiwa unamsomea mtoto imla, tamka «be-ing» kwa mapigo mawili yaliyo wazi, hata kama majirani watakucheka.

Mnisamehe kwa kelele hizo. Jirani yangu ana kibanda cha kutengeneza pikipiki, na leo ameamua kugonga chuma saa hizi hizi. Hata hivyo ametuletea mfano mzuri kuliko niliokuwa nimeuandaa. Juu ya kibanda chake pameandikwa «Pikipiki zinatengenezwa hapa». Wakati huohuo ukimuuliza ile pikipiki nyekundu iko wapi, atakujibu kwamba inatengenezwa. Kiswahili kimetumia kiambishi kimoja, «-na-», kwa mambo mawili: la kwanza ni kazi ya kila siku, la pili ni kazi inayoendelea dakika hii nyundo ikilia. Kiingereza hakikubali kuyachanganya. Kibao kinakuwa «Motorbikes are repaired here», lakini ile nyekundu «is being repaired».

Hapo ndipo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili anapoteleza, na si kwa uvivu. Lugha yake inamaliza kutendwa kwa sauti ndogo ya «-w-» ndani ya neno moja, kisha Kiingereza kinamdai maneno 3. Mpeni jaribio hili: aongeze «dakika hii» mwishoni mwa sentensi ya Kiswahili. Ikikaa vizuri na maana isibadilike, aandike «being». Ikiwa sentensi inataka «kila siku» au «kwa kawaida», aliache. «Pikipiki nyekundu inatengenezwa dakika hii» inakaa. Kibao cha jirani hakikai, kwa maana hata Jumapili akiwa amefunga kibanda, kibao kinaendelea kusema kweli.

Na kama «is being» inawaonea kwa uzito wake, mjue iliwaonea pia Waingereza. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 wao wenyewe walisema «the house is building» wakimaanisha nyumba inajengwa, na katika karne ya 19 baadhi ya wataalamu wao wa sarufi waliiona «is being built» kuwa kitu cha kuchukiza. Msiandike «is building» hiyo kwenye mtihani.

Swali la tatu linaenda haraka. «Was painting» ni hali ya kuendelea wakati uliopita. «Painting» inamwachia «be» vazi lake, tunapata «being painted», na kwa kuwa madarasa ni mengi, «was» inakuwa «were»: «The classrooms were being painted when the rain started». Kishazi cha mvua hakiguswi, kwa sababu hakikuitwa. «Someone» tumemwacha nje, maana kusema «by someone» hakumwambii msomaji lolote.

Swali la nne lina ukanushaji, na ukanushaji unabaki ulipokuwa: «The gate cannot be opened at night». Wapo wanaoandika «cannot opened», na wao watakamatwa na hesabu ya maneno.

Swali la tano nililiweka kwa makusudi. «Has to» ina maana ya lazima kama «must», lakini tabia yake si ile ya «must», kwani yenyewe inabadilika kufuata kiima. Mzazi mmoja «has to», fomu nyingi «have to». Mtenda hapa tusimwache, kwa sababu neno «every parent» ndilo linaloeleza nani anadaiwa sahihi. Tukilitoa, hata mjomba anaweza kutia saini. Jibu ni «The forms have to be signed by every parent».

Tumebaki na la sita, nanyi mmekwisha kulitambua. «Sleep» hapa haina yambwa. Jiko si kitu kinacholalwa na mtoto, ni mahali tu alipo. Wekeni X. Kinachowapoteza wanafunzi ni kwamba Kiswahili kinaweza kusema «kitanda kimelaliwa na mgeni», kwa kuwa kiambishi cha kutendea kinampa kitenzi yambwa ambayo hakuwa nayo. Kiingereza nacho kina «the bed has been slept in», lakini lazima kibakize «in» mwishoni, na hilo ni somo la siku nyingine.

Walimu wenzangu mnaotunga karatasi zenu, nina ombi moja. Msiwatake watoto wageuze «They will be repairing the road» wala «They have been repairing the road». Majibu yake yangekuwa «will be being repaired» na «has been being repaired»; sarufi haiyakatazi moja kwa moja, lakini wenye lugha wenyewe huyakwepa na kusema «will be repaired» au kuiacha sentensi katika kauli ya kutenda. Mimi hubaki na hali mbili tu za kuendelea, ya sasa na ya wakati uliopita. Haya hapa majibu, linganisheni.

```
1. The boat is being repaired.
2. The water must be boiled.
3. The classrooms were being painted when the rain started.
4. The gate cannot be opened at night.
5. The forms have to be signed by every parent.
6. X
```

Mmesikia? Nyundo imenyamaza na injini imewaka. Basi ile sentensi yangu ya pikipiki nyekundu imekwisha kupitwa na wakati. Sasa tunaandika «The red motorbike has been repaired», kwa «been», kwa sababu kushoto kwake kuna «has».