Barua ya Sakosi: "Malimbikizo Yako Yanaathiri Sifa Zako za Kukopa"

NEEMA: Karibu tena mezani kwetu. Leo nina barua mkononi, nimetumiwa na msikilizaji, muuguzi wa hospitali ya wilaya. Jina tunalihifadhi, na jina la chama chake pia. Kaka Juma, wewe uliwahi kukaa dirishani sakosi miaka mingapi?

JUMA: Saba. Nimeandika barua za namna hiyo mpaka vidole vikaota sugu.

NEEMA: Basi sikiliza hii. "Ndugu Mwanachama, kumbukumbu zetu zinaonesha kuwa una malimbikizo ya michango. Tafadhali fahamu kuwa malimbikizo hayo yanaathiri sifa zako za kukopa. Unaombwa kurekebisha haraka." Sahihi, muhuri. Imeisha.

JUMA: Hapo hajaambiwa kitu. Miezi ipi? Shilingi ngapi? Arekebishe mpaka lini?

NEEMA: Naye ndivyo anavyouliza. Anasema hivi: "Nachangia 50,000 kila mwezi, inakatwa kwenye mshahara. Nina akiba ya 1,800,000. Chama kinakopesha mara tatu ya akiba. Nimeomba 5,000,000 nimalizie kupaua nyumba, wamenikatalia. Hesabu si inanibeba?"

JUMA: Inambeba kabisa. Mara tatu ya 1,800,000 ni 5,400,000. Kwa kiasi cha akiba hana tatizo. Ila kuna mlango wa pili, na wengi hawaujui mpaka waugonge: mfululizo. Vyama vingi vina sharti kwamba kabla ya kuomba mkopo uwe umechangia miezi kadhaa bila kuruka. Chama chake kimesema miezi sita?

NEEMA: Alipiga simu, wakamwambia miezi sita.

JUMA: Na ameruka mingapi?

NEEMA: Minne. Machi, Aprili, Mei na Juni. Anaapa hakujua.

JUMA: Namwamini. Muulize kama mwaka huu amechukua mkopo benki.

NEEMA: Umejuaje? Februari.

JUMA: Ndiyo yenyewe. Mtumishi hakatwi mshahara mpaka ukaisha, lazima abakiwe na theluthi. Tuseme mshahara wake wa msingi ni 720,000. Abaki na 240,000. Kodi inatoka, pensheni, bima ya afya, halafu marejesho ya benki yanaingia na kujaza nafasi iliyobaki. Ile 50,000 ya sakosi ikikosa pa kukaa, haikatwi. Hakuna wa kumpigia simu. Mwisho wa mwezi anaona mshahara umepungua, anasema ni benki hiyo, anaendelea na zamu zake.

NEEMA: Kumbe angeona wapi?

JUMA: Kwenye salari slipu. Chukua ya Februari na ya Machi, uziweke pamoja, tafuta mstari wenye jina la chama. Kama Machi mstari haupo, hela haikukatwa, na deni la michango ni lako. Kama mstari upo na 50,000 imeandikwa, lakini chama kinasema hakijapokea, hapo hela ilitoka kwako ikakwama kwa mwajiri. Hilo ni jambo lingine kabisa. Unapeleka nakala za slipu ofisini kwa chama, kwa maandishi, chama kimfuate mwajiri. Usikubali kulipa mara ya pili kabla halijachunguzwa.

NEEMA: Ya kwake mstari haupo tangu Machi.

JUMA: Basi anadaiwa 200,000. Si nyingi.

NEEMA: Anataka kuilipa yote kesho kwa simu, halafu aombe mkopo wiki hiyohiyo.

JUMA: Hapo ndipo pana mitego. Wa kwanza, akituma 200,000 bila maelezo, karani anaiingiza wapi? Ana mkopo mwingine pale?

NEEMA: Wa dharura, kabakiza kidogo.

JUMA: Ee. Nilipokuwa dirishani, hela isiyo na maelezo tulianza kuipangia riba, kisha marejesho ya mkopo, akiba ikaja mwisho. Mtu anaondoka anajua amelipa michango, kumbe amepunguza mkopo wa dharura na miezi minne iko palepale. Aandike wazi: malimbikizo ya akiba, Machi hadi Juni. Na adai stakabadhi inayosema hivyohivyo.

NEEMA: Na wa pili?

JUMA: Kulipa malimbikizo hakurudishi mfululizo kila mahali. Kuna vyama ukishafuta deni wanahesabu kana kwamba hukuruka. Vingine vinasema umeruka Machi, basi hesabu inaanza upya mwezi utakaorudi. Akirudi Julai, miezi sita inatimia Desemba. Paa linasubiri mwaka mpya.

NEEMA: Huo si ukatili, kaka? Hela si ameshaleta?

JUMA: Nami nilikuwa nawaza hivyo, mpaka nikaona watu wanavyofanya. Mtu anaazima 200,000 kwa mwenye duka, anaitumbukiza kwenye akiba, anaombea mkopo 600,000, anamrudishia mwenye duka chake, halafu humuoni tena. Ile 600,000 ni michango ya wenzake. Ndiyo maana vyama vingine havihesabu hela iliyoingia kwa mkupuo mpaka ikae miezi kadhaa. Sharti lina sababu. Kosa la chama hapa ni barua yenyewe, haikumtajia sharti.

NEEMA: Wewe ungeiandikaje?

JUMA: Ngoja. "Ndugu Mwanachama, hatujapokea michango yako ya Machi, Aprili, Mei na Juni, jumla 200,000. Akiba yako hadi leo ni 1,800,000. Kwa sera yetu ya mikopo, mwombaji awe amechangia miezi sita mfululizo, hivyo kwa sasa ombi lako haliwezi kwenda kamati ya mikopo. Ukilipa kabla ya tarehe fulani, hesabu yako itakuwa hivi. Usipolipa, itakuwa hivi. Kama makato yako yamesimama kazini, lete slipu tuzungumze." Mistari sita. Na ningeituma Aprili, mwezi mmoja tu ulipokosekana, siyo Julai.

NEEMA: Sasa Julai hii afanye nini? Benki bado inamkata, nafasi haipo.

JUMA: Asisubiri nafasi. Aende benki ajaze agizo la kudumu, siku ya mshahara itoke 50,000 iende akaunti ya chama. Au aangalie kiwango cha chini cha mchango. Kama masharti ya chama yanaruhusu 20,000, aandike barua ya kupunguza. Aliyepunguza kwa barua anabaki mchangiaji. Aliyekaa kimya na 50,000 yake isiyofika ni mdaiwa. Akiba itakua taratibu, lakini mfululizo unabaki hai.

NEEMA: Na wakimjibu vibaya?

JUMA: Aombe kuona sera ya mikopo, ana haki nayo, chama ni chake. Akiona imetumika kinyume, aandikie bodi. Bodi isipojibu, halmashauri ina afisa ushirika. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, sakosi zinapewa leseni, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ndiyo inayozisimamia.

NEEMA: Ngoja, amenijibu sasa hivi. Anasema mwaka jana yeye alimdhamini mwenzake wa wodini kwenye mkopo, na huyo mwenzake bado hajamaliza kulipa. Ina shida?

JUMA: Inayo. Akiba yake imeshikiliwa pale kama dhamana. Akiulizia sera, aulize na hilo: kati ya ile 1,800,000, ipi ni huru ya kukopea? Isije Desemba akatimiza miezi sita, akaambiwa hesabu ya mara tatu haianzii alipodhani.

NEEMA: Anaandika, "Mungu wangu."

JUMA: Mwambie aende na slipu zote nne, na ya Februari.