Asilimia Tatu Inayozidi Asilimia Nne

Ndugu wafanyabiashara, tuchukue mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12. Taasisi ya kwanza imeandika kwenye kipeperushi chake riba ya 3% kwa mwezi, na ya pili 4%. Wengi wetu tungekwenda kwa ya kwanza bila kuuliza zaidi.

Kilichofichika ni kwamba ile 3% ni riba isiyopungua: kila mwezi hutozwa juu ya milioni nzima uliyokopa mwanzoni, hata kama sehemu kubwa umekwisha kuirudisha. Kwa hiyo unalipa riba ya 30,000 mara 12, yaani 360,000, na rejesho la mwezi linakuwa 113,333. Utazameni mwezi wa mwisho: deni halisi lililobaki ni 83,333 tu, lakini riba inayodaiwa juu yake bado ni 30,000, zaidi ya theluthi ya deni lenyewe. Ile 4% ya taasisi ya pili hutozwa kwenye salio linalopungua, na rejesho lake ni kama 106,552. Jumla ya marejesho ni takriban 1,278,600 dhidi ya 1,360,000.

Halafu zinakuja ada. Tuseme taasisi ya kwanza inakata 40,000 za fomu, bima na usimamizi kabla ya kukukabidhi fedha, na ya pili inakata 10,000. Mkononi unapokea 960,000 kwa ya kwanza, ingawa marejesho yanahesabiwa kwa milioni. Gharama yote inakuwa 400,000 kwa ya kwanza na takriban 288,600 kwa ya pili.

Riba halisi ya mwezi hutafutwa kwa fedha uliyopokea, si ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Mwenye kompyuta aandike hivi kwenye jedwali la hesabu:

```
=RATE(12,-113333,960000)
```

Jibu ni karibu 5.8%. Ukiweka -106552 na 990000 kwa mkopo wa pili, utapata karibu 4.2%. Taasisi ikikudai akiba ya lazima ambayo huwezi kuigusa hadi umalize deni, iondoe nayo kwenye fedha uliyopokea, kisha uihesabu kama fedha inayokurudia mwishoni. Mimi naiona akiba hiyo kuwa ada iliyovaa kanzu.

Jumla ya marejesho nayo ina mpaka wake, kwa sababu hulinganisha vizuri mikopo ya muda mmoja tu. Mkopo ule wa 4% ukirefushwa hadi miezi 24, rejesho linashuka hadi kama 65,587, jambo linalopendeza mno kwenye tangazo, lakini jumla inapanda hadi takriban 1,574,100, ilhali kiwango chake cha riba hakijabadilika hata kidogo. Muda unapotofautiana, kwanza linganisheni riba halisi, kisha mjiulize kama biashara inahitaji kweli kukaa na fedha hiyo mwaka wa pili. Na kabla ya kusaini, ombeni ratiba ya marejesho inayoonyesha kila mwezi salio, riba na ada katika safu zake.