Kwa nini kandambili huzoeleka na mwiba hauzoeleki
(Mhadhara kwa wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Dodoma)

Mbukwenyi! Najua saa nane mchana, kwa jua hili letu, si saa ya kumsikiliza mtu anayezungumzia neva. Basi nianzie miguuni kwenu. Wengi hapa mmevaa kandambili au makubazi. Kabla sijataja, nani alikuwa anausikia ule mkanda unaopita katikati ya vidole? Naona mnacheka. Mkanda upo hapo tangu alfajiri. Lakini ukitoka nje sasa hivi ukakanyaga mwiba wa mgunga, jioni bado utakuwa unachechemea na kuusikia. Ngozi ni ileile na mguu ni uleule. Tofauti hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Tuanze na namna neva inavyotoa taarifa. Watu wengi hudhani ukigusa kidogo neva hupeleka umeme mdogo, na ukibonyeza sana hupeleka umeme mkubwa. Sivyo. Mwaka 1926, huko Cambridge, Edgar Adrian na Yngve Zotterman walitundika vizito kwenye msuli wa chura wakapima umeme wa neva yake. Walipoongeza uzito, kila msukumo wa umeme ulibaki na kimo kilekile. Kilichoongezeka ni idadi ya misukumo kwa sekunde. Adrian alikuja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1932, pamoja na Charles Sherrington.

Fikirini mtu anayebisha hodi mlangoni lakini hawezi kugonga kwa nguvu zaidi. Akiwa na shida kubwa, atagonga harakaharaka. Kwenye ncha ya kipokezi chenyewe, mahali ngozi inapobonyezwa, badiliko la umeme ni kubwa au dogo kufuatana na mbonyezo. Likivuka kiwango fulani, neva huanza kugonga, na kadiri linavyozidi kiwango hicho ndivyo ugongaji unavyoongeza kasi. Ila kasi ina kikomo, kwa sababu baada ya kila msukumo neva lazima ipumzike kama sekunde moja ya elfu. Ikikaribia kikomo, mwili hutegemea neva za jirani ambazo zilikuwa kimya kwa kuwa zinahitaji nguvu zaidi ili kuamka. Kwa hiyo ubongo husoma mambo mawili: kila neva inagonga kwa kasi gani, na neva ngapi zinagonga.

Sasa kandambili. Ndani ya ngozi, kwa chini, kuna kipokezi kinachoitwa cha Pacini. Kina urefu wa kama milimita moja, na ukikikata utaona matabaka juu ya matabaka kama kitunguu, huku ncha ya neva ikiwa katikati. Ukibonyeza ghafla, matabaka yote husukumana na ncha hubonyea. Ukiendelea kubonyeza vilevile, majimaji yaliyo kati ya matabaka huteleza na kujipanga upya, ncha ikaachiwa, na neva ikanyamaza. Ukiondoa kidole, inagonga tena mara moja. Kipokezi hiki hakijali kitu kilichotulia, kinajali badiliko. Ndiyo maana ndicho hodari wa mitetemo, kama ya simu mfukoni au ya injini ya bajaji chini ya kiti.

Katika miaka ya 1960, Werner Loewenstein na Mendelson waliyamenya matabaka hayo, wakabakiza ncha tupu. Badiliko la umeme kwenye ncha sasa lilidumu muda mrefu zaidi, lakini neva bado iligonga mara chache tu ikaacha. Maana yake kuzoea kuna sababu mbili: ganda linalochuja, na neva yenyewe inayochoka kugongea jambo lisilobadilika.

Lakini nisiwadanganye. Si kila kipokezi hunyamaza hivyo. Vile vya Merkel, vilivyo karibu na uso wa ngozi, huendelea kugonga polepole muda wote unapobonyezwa. Kwa hiyo sehemu ya kutousikia mkanda wa kandambili ni kazi ya ubongo kupuuza. Ndiyo maana nilipoutaja tu, mliusikia.

Dada yangu wa kiti cha mbele, njoo unisaidie. Hii ni klipu ya karatasi, nimeikunja ncha mbili zikaachana milimita tatu. Funga macho. Kwenye ncha ya kidole, ni kitu kimoja au viwili? Viwili, sawa. Sasa mgongoni, juu ya gauni jepesi: kimoja. Natanua: sentimita moja, kimoja. Mbili, kimoja. Nne na kidogo… viwili! Ahsante, kaa.

Kila neva ya mguso ina kipande cha ngozi inachokihudumia, tukiite eneo pokezi. Ukigusa popote ndani ya kipande hicho, neva hiyo hugonga, na haiwezi kusema umegusa kona ipi. Kwenye ncha ya kidole vipande ni vya milimita chache na vimesongamana, mgongoni ni vipana na vichache. Ncha mbili zikiangukia eneo la neva moja, ubongo hupata habari ya kitu kimoja tu.

Mwiba sasa. Neva za maumivu ni ncha tupu, hazina kitunguu. Huamka kwa nguvu kubwa tu. Ukikanyaga, kwanza unapata mchomo mkali, halafu baadaye uchungu unaounguza. Kutoka unyayoni hadi uti wa mgongo ni kama mita moja. Neva nyembamba zenye ala, yaani ganda la mafuta, huenda kama mita 20 kwa sekunde, hivyo habari hufika kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Zisizo na ala huenda kama mita moja kwa sekunde, hivyo zake huchelewa sekunde nzima.

Na hazizoei, bali huzidi kuwa nyepesi kuamka. Seli zilizojeruhiwa hutoa kemikali kama prostaglandini, ambazo hushusha kiwango cha kuamka. Ndani ya uti wa mgongo, seli zinazopokea taarifa hizo hupanua eneo zinalolisikiliza. Kesho yake ngozi nzima kuzunguka mwiba, ambayo haijajeruhiwa, inauma ukiigusa tu kwa kanga.

Hatari ni pale neva hizi na zile za mguso zinapokufa, kama kwa wenye kisukari au ukoma. Tunapima kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Gusa hadi upinde, sekunde moja au mbili, ondoa. Usiuburute, maana kuburuta kunaamsha vipokezi vya mwendo na utapata jibu la uongo. Usipime juu ya sugu. Na usiulize "unasikia?" kila unapogusa, kwa sababu mgonjwa mwenye adabu atajibu ndiyo. Mwambie aseme mwenyewe anaposikia.

Niliwahi kumpokea mzee mmoja wa kijijini, ana kisukari cha miaka mingi. Nilimsalimia, akavua makubazi, na unyayoni kulikuwa na mwiba umezama wote, ngozi imeshaanza kuwa nyeusi. Alikuwa ametembea nao, hajui tangu lini. Nikamwomba afumbe macho, nikapima sehemu tatu za unyayo, uzi ukapinda mara zote tatu. Akangoja kwa subira, kisha akaniuliza, "Mwanangu, tumeshaanza?"