Seli ileile, chaji tofauti: kupima ukinzani kwa mapigo

Vijana wa Mbeya, poleni na baridi. Karibuni tuanze.

Hii niliyoshika ni seli ya lithiamu ya duara, ile ya milimita 18 kwa 65. Mnazikuta Mwanjelwa, zimetolewa kwenye betri za kompyuta mpakato. Fundi anaichaji ijae, anaigusisha mita ndogo ya ukinzani, anasoma miliomu 40, anasema hii nzima. Sibishi, ila amepima seli ikiwa imeshiba. Mwenye bajaji ya umeme hasumbuliwi na betri iliyojaa. Anazimikiwa mlimani chaji ikiwa imebaki kidogo. Kwa hiyo tunaipima seli ileile katika kila kiwango cha chaji.

Tuseme tumeshapima ujazo wake, tukapata miliampea-saa 2,500. Tunaichaji ijae, tunaipumzisha saa moja, kisha tunaipiga pigo: tunaivuta ampea 2.5 kwa sekunde 10. Halafu tunaitoa chaji kwa nusu ampea kwa nusu saa, ipungue asilimia 10. Tunaipumzisha tena saa moja, tunapiga pigo jingine. Hivyo hivyo hadi chini. Msiifupishe ile saa ya kupumzika. Mkikata mzigo, volti huendelea kupanda taratibu kwa sababu lithiamu ndani bado inasambaa. Mkipiga pigo wakati volti inapanda, mnapima vitu viwili kwa pamoja.

Na waya za kupimia volti ziguse seli yenyewe, mbali na zile zinazobeba mkondo. Klipu peke yake inaweza kuwaongezea miliomu kadhaa za uongo.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, za kwenu zitatofautiana. Kwenye asilimia 50 seli imetulia volti 3.700. Pigo linaanza, inaanguka papo hapo hadi 3.600, kisha inateremka polepole, na sekunde ya kumi inasoma 3.575. Imeshuka volti 0.125, gawa kwa 2.5, unapata miliomu 50. Kwenye asilimia 10 imetulia 3.450. Inaanguka hadi 3.345, halafu inazidi kuteremka, sekunde ya kumi iko 3.225. Hiyo ni miliomu 90.

Tazameni mwanguko wa kwanza. Kule juu ulitoa miliomu 40, huku chini 42, karibu sawasawa. Huo ni wa vyuma, maungio na kimiminika cha ndani. Kilichokua ni ule mteremko wa polepole, ambao ni kazi ya lithiamu kuingia na kusafiri ndani ya chembe za elektrodi. Mita ya fundi hupima kwa mkondo unaogeuka mara 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo mteremko huo hauoni kabisa.

Mlimani, tuseme barabara ya Chunya, kila seli ikidaiwa ampea 5, miliomu 90 zinakula volti 0.45. Seli ya asilimia 10 inabaki na 3.00. Saketi ya ulinzi iliyopangwa kukata hapo itakata, na chaji imo. Na mlima hauishi kwa sekunde 10.

Kuna aliyeuliza: "Mwalimu, hizo 90 zote ni ukinzani?" Hapana. Pigo lenyewe limetumia karibu miliampea-saa 7, na kule chini volti ya seli iliyotulia hushuka kwa kasi. Kama inashuka milivolti 45 kwa kila asilimia moja, pigo limeondoa kama milivolti 12 ambazo hazirudi. Hizo ni miliomu 5 hivi za kutoa. Utazijua ukiipumzisha seli baada ya pigo: pale isiporudi ilipoanzia, pengo ndilo hilo.

Sasa la kwetu huku nyanda za juu, ambalo naliogopa kuliko yote. Kufika asilimia 10 ni hatua tisa za saa moja na nusu, yaani saa 13 na nusu. Ukianza saa 11 jioni mwezi wa saba, pigo la mwisho linaangukia saa 12 na nusu asubuhi, karakana ikiwa chini ya nyuzi 10. Baridi nayo hupandisha ukinzani. Mchoro wako utapanda vizuri kabisa na hutajua ni chaji au ni alfajiri. Bandika kipimajoto kwenye seli, iweke kwenye boksi lenye joto lisilobadilika. Kama huna boksi, siku nyingine rudisha seli asilimia 50 na uipige alfajiri. Ikisoma 70 badala ya 50, mchoro wote ule rudia.

Kama muda ni mdogo, kati ya asilimia 80 na 30 rukeni kwa ishirini-ishirini, maana huko hakubadiliki sana. Muda mliookoa utumieni chini ya 20, mpime kila asilimia 5.