Nguvu iliyo ndani ya fimbo: mhadhara kwa wanafunzi na mafundi, Mbeya

Shikamooni wazee wa karakana, wanafunzi, hamjambo? Leo nimechora fimbo moja tu ubaoni, na nitakaa nayo mpaka tuielewe.

Fimbo imelala. Ncha ya kushoto, A, imeshikwa ukutani barabara, na ncha ya kulia, D, iko huru. Kipande AB ni chuma cha pua, urefu wake mm 500 na eneo la mkato mm² 400. BC ni shaba, mm 480 kwa mm² 500. CD ni alumini, mm 350 kwa mm² 250. Kuna nguvu tatu: pale B 60 kN inavuta kulia, pale C 30 kN inavuta kushoto, na pale D 10 kN inavuta kulia. Je, D itasogea kiasi gani?

Kanuni mnaijua: δ = NL/(AE). Urefu na eneo tunavipima, na moduli ya Young tunaisoma kwenye jedwali: chuma GPa 200, shaba 120, alumini 70. Kazi yote iko kwenye N. Wengi huona 60 kN imeandikwa pale B, wakaipa AB. Wakaona 30 ya kushoto, wakaipa BC kwa alama ya kutoa. Wakijumlisha hivyo wanapata mm 0.335. Jibu hilo linafanana sana na jibu la kweli, kwa hiyo hakuna anayelishuku.

N ni nguvu inayopita ndani ya kipande. Ili uione, lazima ukate fimbo katikati ya kipande hicho, kisha ujumlishe kila kinachovuta upande ulio huru. Tuanze kulia. Nikikata CD, kulia kwangu kuna 10 tu, kwa hiyo alumini inavutwa kwa 10 kN. Nikikata BC, kulia kuna 10 kwenda kulia na 30 kwenda kushoto: shaba inagandamizwa kwa 20 kN, nami naandika −20. Nikikata AB, naongeza 60 na kupata +40. Ukuta nao unarudisha 40 kwenda kushoto, hesabu inakaa sawa.

Sasa badili kila kitu kiwe nyutoni na milimita, GPa 200 iwe 200,000 N/mm². Chuma kinarefuka mm 0.25, shaba inafupika mm 0.16, alumini inarefuka mm 0.20. Jumla ni mm 0.29 kwenda kulia. Anayesahau alama ya kutoa kwenye shaba atapata 0.61, zaidi ya maradufu.

Kama una wasiwasi, pitia njia nyingine. Acha 10 kN peke yake ivute vipande vyote vitatu: D inakwenda kulia mm 0.3425. Acha 30 peke yake igandamize BC na AB: inarudi kushoto mm 0.4275. Nguvu ya 60 inavuta AB tu, mm 0.375. Jumlisha, unapata 0.29 ile ile. Hili linawezekana kwa sababu hakuna kipande kilichovuka kikomo cha unyumbufu; mkazo mkubwa wa wastani uko kwenye chuma, MPa 100 tu. Kwenye bega, pale unene unapobadilika, mkazo hupanda juu ya wastani huo, na ndiyo maana fundi anayekereza huacha kona ya mviringo. Urefu wote hauathiriki sana na hilo.

Kinachoathiri sana ni hali ya hewa yetu. Julai hapa Mbeya asubuhi ni baridi kali, na mchana jua linapanda. Fimbo hii ikipata joto la nyuzi 15 zaidi, chuma kinarefuka karibu mm 0.09, shaba 0.12 na alumini 0.12: jumla 0.33, bila mzigo wowote! Ni zaidi ya kazi ya nguvu zote tatu. Sasa fikirieni mtu aliyesawazisha geji kwenye sifuri alfajiri, akapakia mchana. Kama nguzo ya geji haikusogea, atasoma karibu 0.62, na yule aliyesahau alama ya kutoa atasema kipimo kimemthibitisha.

Kwa hiyo weka sifuri dakika ile ile unayopakia, soma, pakua, kisha soma tena. Geji ikirudi kwenye sifuri, 0.29 yako ni ya mzigo. Isiporudi, gusa kwanza fimbo kama imepata joto, halafu kagua ukutani kama kishikio kimeteleza, na mwisho uangalie kama kuna kipande kilichorefuka na kukataa kurudi.